Kubadilisha Kichekesho Bila Kupoteza Shutuma: Onyesho la Rosti katika Lugha Nyingine

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza tatizo moja la tafsiri ambalo wahakiki wetu hawajalipa nafasi ya kutosha, nalo ni la kuhamisha onyesho la rosti kutoka lugha moja hadi nyingine. Kwa rosti tunamaanisha onyesho la Kimarekani ambamo mtu mashuhuri huketi jukwaani kwa hiari yake, nao marafiki, mahasimu na wachekeshaji wakamwandama kwa zamu, kisha yeye akajibu mwishoni. Mtindo huu ulikuzwa na chama cha wasanii cha Friars cha New York, ukaenezwa na runinga kupitia vipindi vya Dean Martin kati ya 1974 na 1984. Jina lake lenyewe ni onyo kwa mfasiri. Huko asili, ni nyama iliyobanikwa motoni. Katika upishi wa pwani yetu, rosti ni nyama iliyoiva ndani ya mchuzi mzito. Neno limevuka salama, lakini kilichomo chunguni kimebadilika.

Wafasiri wa vichekesho karibu wote wanakubaliana leo kwamba kufuata maneno hakufai, na kwamba aghalabu inabidi kichekesho kizima kiondolewe na kingine kiwekwe mahali pake. Hatupingi rai hiyo. Swali letu ni je, katika rosti, ni kitu gani kisichoruhusiwa kubadilika wakati maneno, taswira na hata hadithi yenyewe vinapobadilishwa? Tunashikilia kwamba kitu hicho ni shutuma: jambo la kweli, au linalodaiwa kuwa la kweli, ambalo mlengwa anashtakiwa nalo mbele ya watu na ambalo atapaswa kulijibu.

Kichekesho cha uongo na kichekesho cha kweli

Katika nadharia waliyoitoa mwaka 1991, Attardo na Raskin walikichambua kichekesho katika ngazi sita: mgongano wa maana mbili, mantiki inayoziunganisha, mazingira, mlengwa, umbo la usimulizi na lugha. Attardo aliirejelea nadharia hiyo mwaka 2002 akiielekeza kwenye tafsiri, akapendekeza kwamba mfasiri akilazimika kubadilisha, aanzie ngazi ya chini, yaani lugha, na apande juu pale tu anapokosa budi. Kwa kichekesho cha kawaida ushauri huu ni wa busara. Kichekesho kinachomdhihaki mjinga wa taifa moja huweza kumdhihaki mjinga wa taifa jingine bila hasara kubwa, maana mjinga huyo hayupo.

Katika rosti, mlengwa yupo, na ana jina na historia. Hapa tofauti iliyowekwa na Labov mwaka 1972, alipochunguza matusi ya kimchezo ya vijana wa Harlem, inatufaa zaidi. Labov alionyesha kwamba tusi la mchezo hutambulikana kwa sababu kila msikilizaji anajua si kweli, na hujibiwa kwa tusi jingine. Tusi likigusa ukweli, mchezo huvunjika, naye aliyetukanwa huanza kukana au kujitetea.

Mwanafunzi yeyote wa Nairobi ataitambua sheria hii katika mchongoano. Anayeambiwa kwamba mamake ni mnene hata akipanda mizani inasoma nambari ya simu hakasiriki, kwa kuwa mama wa mchongoano si mama wa mtu yeyote. Rosti huvuka mpaka huo kwa makusudi. Huchukua ukweli unaouma na kuulinda kwa ridhaa ya mlengwa. Kwa sababu hiyo iko karibu zaidi na kusuta kwa Waswahili wa pwani, ambako mtu hukabiliwa hadharani kwa alilolitenda, ila kusuta huku kumevishwa nguo za utani.

Mfano: rosti ya Tom Brady, 2024

Tuchukue onyesho lililorushwa moja kwa moja na Netflix tarehe 5 Mei 2024 kutoka ukumbi wa Kia Forum, Inglewood, California. Mlengwa alikuwa Tom Brady, mchezaji mstaafu wa kandanda ya Kimarekani aliyeshinda ubingwa mara saba. Tuseme mfasiri ametakiwa kuandika matini ya Kiswahili chini ya picha. Mlengwa hawezi kubadilishwa, kwa kuwa uso wake unaonekana. Hadhira ya Afrika Mashariki, kwa upande wake, haijui hata sheria za mchezo wake.

Mojawapo ya shutuma zilizorudiwa usiku ule ni ile ya mipira. Mnamo Januari 2015, timu ya Brady ilidaiwa kutumia mipira iliyopunguzwa upepo ili ishikike kwa urahisi. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Mei mwaka huo ilisema yaelekea zaidi kuwa Brady alikuwa na habari. Yeye alikana, lakini akatumikia adhabu ya kukosa mechi nne mwanzoni mwa msimu wa 2016. Katika Kiingereza, neno la mpira hubeba pia maana ya kiungo cha mwanamume, nao wachekeshaji huponea hapo.

Mfasiri wa neno kwa neno ataandika habari ya mipira isiyo na upepo, naye mtazamaji wa Kisumu atashangaa kicheko kimetoka wapi. Mfasiri mjanja zaidi atagundua kwamba mpira kwetu ni pia kondomu, naye atatunga kichekesho juu ya mpira uliovuja. Hadhira itacheka sana. Hata hivyo, hapa ndipo tunapomlaumu. Brady hakushtakiwa kwa uzinzi; alishtakiwa kwa udanganyifu mchezoni. Lugha imeokolewa na shutuma imepotea, na mtazamaji anaondoka akiamini jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Njia ya tatu ni kuacha mipira kabisa na kutafuta udanganyifu wa michezo ambao hadhira hii inaujua. Bao la mkono la Diego Maradona dhidi ya Uingereza, tarehe 22 Juni 1986, linajulikana hata na waliozaliwa miaka mingi baadaye. Mfasiri anaweza kuandika: “Maradona alitumia mkono wake, akasema ni wa Mungu. Wewe ulitumia mikono ya vibarua, ukasema huwajui.” Hakuna neno la asili lililobaki. Lakini mlengwa ni yuleyule, kosa ni lilelile, na kule kukana kwake, ambako ndiko kiini cha dhihaka, kumehifadhiwa.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba lugha pokezi mara nyingine ina hazina ambayo lugha asilia haina. Brady alitangaza kustaafu tarehe 1 Februari 2022, akatangaza kurudi tarehe 13 Machi. Hizo ni siku arobaini kamili. Kwa Mmarekani ni hesabu tu. Kwa Mswahili ni msiba. Hivyo yawezekana kuandika: “Tulihesabu arobaini ya kazi yako. Siku ya kusoma hitima, marehemu akaonekana akifunga kamba za viatu.” Kwa hadhira ya bara isiyozoea hitima, methali ya siku arobaini za mwizi ingeweza kutoa njia nyingine, lakini hapo tujihadhari: methali ile ingemfanya mwizi mtu ambaye katika jambo hili alishutumiwa kwa kutojua kuacha tu. Mwangwi wa namba hautoshi. Shutuma lazima ilingane.

Mipaka ya ubadilishaji

Kuna vikwazo vitatu ambavyo mtunzi wa matini hawezi kuvikwepa. Kwanza ni nafasi. Kwa kawaida anaruhusiwa mistari miwili yenye herufi zipatazo 42 kila mmoja, isiyokaa zaidi ya sekunde saba, nacho kicheko cha ukumbini kimekwisha kurekodiwa. Neno linalochekesha lazima lisomwe kabla ya kicheko hicho, si baada yake. Mfano wetu wa hitima unahitaji matini mbili, na ile ya pili ndiyo ibebe viatu.

Pili ni mnyororo. Mzungumzaji wa tano hurejelea alichosema wa pili, naye mlengwa hujibu wote mwishoni. Anayebadilisha kichekesho kimojakimoja atajikuta na jibu lisilo na swali. Inafaa basi onyesho zima liorodheshwe kwanza: nani amesema, ameshutumu nini, na jambo hilo linarudi wapi. Kikibadilishwa kimoja, ndugu zake wote hubadilishwa pamoja nacho.

Tatu ni mpaka wa ridhaa. Muda mfupi baada ya onyesho, Brady alisema hadharani kwamba hakupenda jinsi vichekesho fulani vilivyowaathiri watoto wake. Yeye aliridhia; wao hawakuketi jukwaani. Mazoea yetu ya mchongoano yanaweza kumpotosha mfasiri hapa, akadhani jamaa ya mtu ni mali ya mchezo. Mama wa mchongoano ni wa kubuni, lakini aliyekuwa mke wa Brady ni mtu halisi. Kumwongezea shutuma ambayo matini asilia haikuwa nayo ni kosa la uhakiki na la maadili kwa pamoja.

Mlengwa anapobadilika

Upo uhamishaji mkubwa zaidi, ambapo umbo la onyesho tu ndilo linalosafiri. Nchini China, onyesho la Tucao Dahui lilijitokeza katika mtandao wa Tencent mwaka 2016, likaondolewa siku chache baadaye, kisha likarudi Januari 2017 likiwa limefanyiwa marekebisho, na likaendelea kwa misimu kadhaa. Hakuna kichekesho kilichotafsiriwa humo. Walengwa walikuwa watu mashuhuri wanaojulikana na hadhira ya China yenyewe. Hata jina halitafsiri la Kimarekani. Limetokana na msamiati wa uchekeshaji wa Kijapani, ambapo mmoja wa wachekeshaji wawili huwa na kazi ya kuyakosoa makosa ya mwenzake. Kilichohifadhiwa ni mlengwa aliyeridhia, zamu za washambuliaji, na haki ya kujibu.

Tukitaka rosti ya Kiswahili ya namna hiyo, kishawishi chetu kikubwa kitakuwa mipasho ya taarabu. Inaonekana kuwa kisawe halisi: kuna ushindani, kuna hadhira inayoshabikia, kuna ukali. Lakini mpasho huishi kwa fumbo. Hautaji jina, ili mlengwa aweze kudai si yeye, naye mtunzi aweze kudai hakumkusudia. Rosti huondoa kimbilio hilo kwa pande zote mbili. Anayeingiza mafumbo katika rosti kwa jina la uasilia amempa mlengwa mlango wa kutokea, na onyesho limebaki bila mshtakiwa.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kubadilisha kichekesho badala ya kutafsiri maneno si ruhusa ya kuchekesha kwa lolote. Kipimo tunachopendekeza ni chepesi kukitumia. Kila kichekesho kipya kiwekwe mbele ya mlengwa na tuulize: je, anashtakiwa kwa jambo lilelile, na je, jibu alilotoa mwishoni bado linalijibu? Ikiwa hapana, mfasiri arudi mezani, hata kama ukumbi mzima umecheka.