Kasi ya Usimulizi na Uteuzi wa Tukio Kiini: Masimulizi ya Shambulio la Palma, Machi 2021

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna msimulizi anavyotawala wakati: anavyopita haraka juu ya siku nyingi kwa sentensi moja, kisha akatua kwenye dakika chache na kuzisimulia polepole. Mfano unaochunguzwa ni shambulio la mji wa Palma, kwenye pwani ya kaskazini ya jimbo la Kabo Delgado, Msumbiji, lililoanza alasiri ya Jumatano tarehe 24 Machi 2021. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi magazetini, katika filamu za habari na katika ripoti za mashirika. Hoja ya makala ni kwamba masimulizi hayo hayatofautiani sana katika mambo yanayoyataja. Yanatofautiana katika mahali yanapopunguza mwendo, na mahali hapo ndipo msomaji anapoamua, pengine bila kujua, ni swali gani linalohitaji jibu.

Zana ya uchambuzi

Katika kazi yake ya mwaka 1972 kuhusu usimulizi, Gérard Genette alilinganisha muda wa kisa, unaopimwa kwa saa, siku na miaka, na urefu wa matini, unaopimwa kwa mistari na kurasa. Uhusiano wa vipimo hivi viwili ndiyo kasi. Katika muhtasari, muda mrefu huchukua maneno machache. Katika onyesho, muda wa kisa na urefu wa maelezo hukaribiana, hasa watu wanapozungumza. Katika mruko, muda unapita na matini haisemi kitu. Katika sitisho, matini inaendelea ilhali saa ya kisa imesimama.

Kiswahili kina nyenzo zake za kuendesha kasi hii. Mfululizo wa vitenzi vyenye -ka- husukuma kisa mbele: wakatoka, wakavuka, wakafika. Umbo kama “walikuwa wamekaa” huuzuia mwendo huo na kumweka msikilizaji ndani ya hali iliyopo. Hata hivyo -ka- haiharakishi kisa peke yake. Vitenzi vitano vya -ka- vinaweza kubeba wiki nzima au nusu dakika, kutegemea ukubwa wa tendo ambalo kila kitenzi kinalitaja. Kwa hiyo mchambuzi asihesabu viambishi tu; aulize kila sentensi inabeba saa ngapi.

Tarihi ya Kilwa kama kielelezo

Mbinu hii si ngeni katika mwambao huu. Tarihi ya Kilwa, mji ulio kaskazini ya Palma kwenye mwambao uleule, inapita juu ya masultani wengi kwa jina, idadi ya miaka ya utawala na habari ya aliyerithi. Miongo kadhaa huisha katika mistari michache. Lakini inapofika kwenye asili ya mji, mwendo unabadilika. Mgeni kutoka Shirazi anataka kukaa kisiwani, mwenye kisiwa anataka nguo, na nguo inatandazwa hadi kukizunguka kisiwa. Mwenyeji anachukua nguo na kwenda bara, akiwa na nia ya kurudi kukitwaa kisiwa kwa nguvu. Naye mgeni anachimba mlango wa maji ili kivuko cha miguu kisiwepo tena.

Kwa nini mwandishi anatua hapo na si kwenye utawala wa miaka 30 wa sultani fulani? Kwa sababu hapo ndipo dai la kumiliki linaposimama. Akitokea mtu wa kuuliza watawala wa Kilwa walikipataje kisiwa, jibu liko kwenye ile nguo. Tunapata kanuni ya kusomea: panapopunguzwa mwendo ndipo dai lilipo, na palipopitiwa haraka ni pale ambapo msimulizi hatarajii kuulizwa.

Palma: langoni au mtoni

Mambo yafuatayo yanajulikana. Shambulio lilipoanza, mawasiliano ya simu yalikatika. Watu wapatao 200, wengi wao wafanyakazi wa kampuni zilizohusiana na mradi wa gesi wa Afungi, walikimbilia hoteli ya Amarula. Ijumaa tarehe 26 msafara wa magari 17 uliondoka hotelini ukashambuliwa njiani, na magari saba ndiyo yaliyopenya. Wakati huohuo makumi ya maelfu ya wakazi walitawanyika. Wengine walikwenda Kitunda karibu na uzio wa Afungi, wengine Nangade na Mueda kwa miguu, wengine Pemba kwa vyombo vya baharini. Wako pia waliovuka mto Ruvuma kuingia Tanzania, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka huohuo kuwa maelfu ya watu wa Kabo Delgado walirudishwa Msumbiji, wengi kupitia Negomano.

Ili kuonyesha kazi ya kasi, nimetunga vielelezo viwili. Maneno ni yangu, na mtu anayetajwa ndani yake ni wa kielelezo. Cha kwanza kinafuata umbo lililozoeleka zaidi katika habari za kimataifa:

“Jumatano alasiri mji ulivamiwa, simu zikakatika, na watu wapatao 200 wakajifungia hotelini. Siku mbili zikapita. Ijumaa alasiri magari 17 yalikuwa yamejipanga langoni. La kwanza likatoka. Barabara ilikuwa tupu. Kisha risasi zikaanza. Walio nyuma hawakujua kama walio mbele wangali wanakwenda. Magari saba yakapita. Waliobaki mjini walikimbilia porini.”

Sentensi mbili za mwanzo, zenye maneno 15, zinabeba siku mbili. Zinazofuata, kuanzia foleni ya magari hadi kupita kwa magari saba, zina maneno 27 na zinabeba dakika chache. Sentensi inayopunguza mwendo zaidi ni ile ya kutojua: hakuna tendo jipya linalotokea, lakini tunashikiliwa ndani ya gari la nyuma. Baada ya hapo maneno manne yanabeba wiki kadhaa za makumi ya maelfu ya watu. Hakuna uongo katika aya hii. Wakazi wametajwa. Lakini wametajwa kwa kasi ambayo haimruhusu msomaji kuuliza chochote juu yao.

Kielelezo cha pili kinatumia kasi ileile, ila kinahamisha tukio kiini:

“Jumatano alasiri mji ulivamiwa. Watu wakakimbia, wakalala porini, wakatembea mchana na usiku, wakafika Ruvuma, wakavuka. Ng’ambo waliambiwa waketi. Wakaketi. Mama mmoja aliomba, kwa Kiswahili, watoto wapewe maji. Alijibiwa kwa Kiswahili asubiri. Jua likasogea. Gari likaja. Wakadhani ni la kuwapeleka kambini. Likaelekea Negomano.”

Hapa pia maneno 15 yanabeba siku nyingi, na maneno 27 yanatua kwenye sehemu ndogo ya siku moja. Hoteli imeachwa kwa mruko mtupu, kama vile mto ulivyoachwa katika kielelezo cha kwanza. Tazama vilevile kwamba vitenzi vya -ka- katika sehemu ya mwanzo vinakimbia, ilhali “wakaketi”, “likasogea” na “likaja” vinatambaa. Kiambishi ni kimoja. Kilichopungua ni ukubwa wa muda uliomo ndani ya kila tendo.

Msomaji wa kielelezo cha kwanza anabaki na swali la ulinzi: nani aliruhusu msafara utoke, helikopta zilikuwa wapi, kampuni ziwaokoeje wafanyakazi wao siku nyingine? Msomaji wa pili anabaki na swali la mpaka: ofisa wa kituo ana wajibu gani kwa mtu aliyekimbia vita na anayezungumza naye kwa lugha moja? Swali hilo lina jibu la kisheria, kwani Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unakataza kumkataa mpakani mtu ambaye maisha yake yatakuwa hatarini akirudishwa. Lakini mshauri wa sera hawezi kulitafuta jibu la swali ambalo simulizi halikumfanya aulize.

Mipaka ya mbinu

Isidhaniwe kwamba dawa ni kusimulia yote polepole. Simulizi linalokwenda mwendo mmoja halina tukio kiini, na msomaji huchoka kabla ya kufika mtoni. Sentensi “Wakaketi” ina uzito kwa sababu imetanguliwa na mbio. Ukieleza kila usiku wa porini kwa aya nzima, kule kuketi kutakuwa jambo moja tu kati ya mengi.

Hatari ya pili ni kupunguza mwendo kupita ushahidi. Onyesho linahitaji vitu vidogo: nani alisimama wapi, alisema nini, jua lilikuwa wapi. Muhtasari hauvihitaji. Msimulizi anayetaka onyesho bila kuwa na ushahidi wake hujaza pengo kwa kubuni, hasa mawazo ya waliokufa. Dalili yake ni rahisi kuiona: uliza ni nani angeweza kulijua jambo hili na bado akawa hai kulieleza. Katika riwaya swali hilo halina madhara. Katika ripoti ni kosa. Vielelezo vyangu vyenyewe vina kasoro hiyo, na ndiyo maana nimevitambulisha kuwa vya kutungwa.

Hatari ya tatu inawahusu wanaokusanya ushuhuda. Mtu aliyetoka Palma anaweza kusema “tukakimbia, tukafika Mueda” na kunyamaza. Mruko huo si lazima uwe usahaulifu. Huenda hapo ndipo alipompoteza mtu. Mwulizaji anayemlazimisha kutua mahali hapo anachagua tukio kiini kwa niaba yake, na mara nyingi analichagua kwa kufuata masimulizi aliyokwisha kuyasoma. Ni afadhali kuandika mruko kama ulivyo na kuonyesha kwamba ni mruko, kisha kuangalia msemaji mwenyewe anapunguza mwendo wapi. Pengine ni kwenye foleni ya chakula, au kwenye kituo cha kuandikisha majina. Hilo nalo ni dai.

Hitimisho

Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliosimamiwa na mwandishi Alex Perry baadaye ulipata idadi ya raia waliouawa au kutoweka Palma iliyozidi 1,000, ilhali siku za mwanzo serikali ilizungumzia makumi ya waliouawa, wakiwamo saba wa ule msafara. Wale saba walikuwa na mahali, siku na saa. Wengine walikuwa ndani ya muhtasari. Makala haya hayadai kwamba kasi ya usimulizi ndiyo iliyosababisha tofauti ya hesabu, kwani mji ulikuwa umefungwa na simu hazikupatikana. Yanadai jambo dogo zaidi: simulizi lilipokwisha kutua langoni mwa hoteli, wasomaji wachache waliona kwamba kuna hesabu nyingine inayodaiwa.

Kwa hiyo anayepokea ripoti juu ya pwani hii afanye zoezi jepesi kabla ya kusoma mapendekezo. Achore safu mbili, moja ya saa au siku zilizopita katika kisa, nyingine ya idadi ya maneno. Aweke alama mahali ambapo maneno mengi yanabeba dakika chache, na mahali ambapo maneno machache yanabeba wiki na watu wengi. Kisha alinganishe alama hizo na mapendekezo yenyewe. Yakiwa yote yanatoka penye alama ya kwanza, arudi kwenye ile ya pili na kuuliza ni nani waliopitiwa katika maneno yale manne.