4.3 Uhakiki wa Mpangilio wa Mifano katika Sura ya Kauli ya Kutendea

Sehemu hii inahakiki sura moja ya kitabu cha sarufi ya Kiswahili kinachotumika kufundishia mnyambuliko wa vitenzi. Kitabu hicho hakitajwi jina, kwa kuwa lengo ni kuuchunguza mpangilio na si kumhukumu mwandishi. Hoja inayotetewa ni kwamba kanuni zilizomo katika sura hiyo ni sahihi, na mifano yake pia ni sahihi, lakini mingi ya mifano hiyo haitokani na kanuni inayotangulia. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayeifuata kanuni kwa uaminifu hukosa jibu.

4.3.1 Sura ilivyo

Sura inafungua kwa kanuni ya upatanifu wa irabu: iwapo irabu ya mwisho ya shina ni a, i au u, kiambishi cha kutendea huwa -i-; iwapo ni e au o, kiambishi huwa -e-. Mara baada ya kanuni hiyo inafuata mifano tisa kwa mpangilio huu: pika > pikia, nunua > nunulia, soma > somea, samehe > samehea, toa > tolea, la > lia, andika > andikia, pokea > pokelea, na leta > letea. Maelezo kuhusu sauti l inayojitokeza katika nunulia, tolea na pokelea yanakuja kurasa mbili baadaye, chini ya kichwa cha “mambo ya kuzingatia”.

Kipimo kilichotumika katika uhakiki huu ni chepesi. Jibu la kila mfano lilizibwa, kisha likaulizwa swali moja: je, kwa kanuni zilizokwisha kufundishwa hadi mstari huo, jibu linaweza kupatikana? Mifano minne inapita kipimo hiki: pika, soma, andika na leta. Mitano haipiti. Kwa kanuni ya irabu pekee, nunua huzaa *nunuia, toa huzaa *toea, na pokea huzaa *pokeea. Samehe haina kiishio -a cha kuondolewa kabla ya kuongeza kiambishi, na kanuni haisemi lifanyike nini. Katika la, shina ni konsonanti tupu. Hakuna irabu ya kukiongoza kiambishi.

Inaweza kudaiwa kwamba nunulia na tolea vinathibitisha kanuni ya irabu, kwani baada ya u tunaona i na baada ya o tunaona e. Dai hilo ni la kweli kwa mtu anayeijua tayari sauti l. Kwa asiyeijua, kipande kinachoonekana kuongezwa ni -li- na -le-, na hana njia ya kujua kuwa vipande hivyo vimetokana na mambo mawili tofauti.

Hapo ndipo makosa ya aina mbili huzaliwa. Anayeandika *nunuia ameitii kanuni na kuupuuza mfano. Anayeandika *somelea ameuiga mfano na kuiacha kanuni. Msahihishaji huwanyima wote wawili alama ileile, ilhali wa kwanza anahitaji kuongezewa kanuni moja na wa pili anahitaji kurudishwa mwanzo. Mpangilio wa sura unaifanya tofauti hiyo isionekane.

4.3.2 Mpangilio unaopendekezwa

Katika mpangilio mpya hakuna kanuni inayoondolewa wala kubadilishwa. Kinachobadilika ni mahali pa kila mfano.

Hatua ya kwanza inatumia mashina yanayoishia kwa konsonanti tu. Kanuni ya -i- inafuatwa na pika, andika na funga. Kisha kanuni ya -e- inafuatwa na soma, leta na choma. Hapo panahitajika mfano unaoonyesha kuwa irabu inayotawala ni ile ya mwisho, kwa sababu vitenzi hivyo, isipokuwa andika, vina irabu moja tu katika shina, na irabu mbili za andika zote huleta -i-. Mfano unaofaa ni geuza > geuzia, ambapo e imetangulia lakini u ndiyo inayoamua. Elimisha > elimishia unalithibitisha jambo hilohilo.

Hatua ya pili inafundisha kwamba shina likiishia kwa irabu, sauti l hujitokeza kabla ya kiambishi. Baada ya kanuni hiyo ndipo huja nunulia, tolea, pokelea na zalia. Sababu yake ni ya kihistoria: Kiswahili kilipoteza l baina ya irabu katika maneno mengi, jambo lililojadiliwa na Nurse na Hinnebusch (1993), na ndiyo maana zaa ya Kiswahili ni zala katika Kizulu. Mwanafunzi si lazima aelezwe historia hiyo, ila anaweza kuonyeshwa kuwa l hiyohiyo hujitokeza katika nunuliwa na tolewa.

Faida ya mfuatano huu inaonekana zaidi katika maneno ambayo sura ya sasa inayaita ya pekee, kama vile endelea na pigilia. Enda, kwa hatua ya kwanza, huzaa endea. Shina jipya, ende-, linaishia kwa irabu. Basi likinyambuliwa tena hupitia hatua ya pili na kuzaa endelea. Vivyo hivyo piga huzaa pigia, na pigia huzaa pigilia. Kilichokuwa orodha ya kukariri kimegeuka kuwa zao la kanuni mbili zilizokwisha kufundishwa. Hata hivyo, mantiki hii isivutwe hadi katika kauli ya kutendwa: pikia huzaa pikiwa, wala si *pikiliwa. Mpaka huo unapaswa kuandikwa papo hapo.

Hatua ya tatu ni ya vitenzi vya mkopo visivyoishia kwa -a: rudi > rudia, samehe > samehea, na jibu > jibia, ambapo u ya mwisho huiachia nafasi i. Hatua ya mwisho ni ya vitenzi vya silabi moja: la > lia, fa > fia, nywa > nywea. Hapa sura ikiri wazi kwamba kanuni ya irabu haiwezi kutabiri kwa nini nywa ina e na fa ina i, na iviorodheshe. Kuviweka mwisho kunaepusha pia mgongano wa lia iliyotokana na la na kitenzi lia, ambacho kauli yake ya kutendea ni lilia.

4.3.3 Mipaka ya pendekezo

Mpangilio huu una gharama. Nunua, toa na chukua ni vitenzi vya kila siku, na mwanafunzi atakutana na nunulia katika vifungu vya ufahamu kabla ya kufika hatua ya pili. Mwalimu hawezi kulizuia hilo. Anachoweza ni kutolitumia neno hilo kama ushahidi wa kanuni ya kwanza. Aidha, pendekezo linahusu umbo pekee. Maana za kauli hii, kama vile kumfanyia mtu jambo (alimpikia mgeni) na kutaja kifaa (kisu cha kukatia nyama), zinahitaji mfuatano wake, nao unajadiliwa katika sehemu ya 4.4. Kuzichanganya na mifano ya umbo kungerudisha kasoro ileile: mfano mmoja kubeba mambo mawili, huku moja tu likiwa limefundishwa.