"Nitakujulisha": kumsoma mnunuzi asiyesema hapana

Mwaka jana, njugu zilipokauka, nilimwandikia mwenye duka mjini Migori ambaye amenunua kwangu misimu kadhaa. Nilimwambia nina magunia manne hapa Uriri, tayari kupakiwa. Jioni akajibu: "Asante sana ndugu yangu kwa kunikumbuka. Njugu zako najua ni nzuri. Kwa sasa soko limelala kidogo, lakini wacha nione, nitakujulisha. Mungu azidi kukubariki."

Hakuna hapana humo, lakini mimi nilisoma hapana.

Cha kwanza nilichotafuta ni swali, na sikuliona. Mnunuzi anayetaka mzigo, hata kama mfuko wake ni mtupu, lazima aulize kitu: gorogoro unauza ngapi, ni nyekundu au zile kubwa, zimemenywa au zina maganda? Aliyekwisha kuamua hana haja ya kujua, kwa hiyo husifu tu. Sifa bila swali ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote.

Kisha nikatazama simu imebaki mikononi mwa nani. Akisema "nikumbushe Ijumaa" au "ngoja nilipwe miwa, unipigie", amenipa ruhusa ya kumsumbua, na huko ni kuahirisha kwa kweli. "Nitakujulisha" huichukua ruhusa hiyo. Nikipiga baada ya hapo, mimi ndiye mkosa adabu.

Baraka za mwisho zisikudanganye upande wowote. Wapo watu wa kanisa wanaofunga kila ujumbe kwa baraka, hata wa kuagiza sukari. Ndiyo maana mimi hupandisha mazungumzo juu na kusoma alivyoandika alipokuwa akinunua. Huyu wangu alizoea kuniandikia nusu Dholuo nusu Kiswahili, maneno matano, bila salamu. Safari hii alinivalia Kiswahili cha shati na tai. Mtu wa karibu akianza kuandika rasmi, anajitenga nawe taratibu ili asikuumize.

Hata hivyo kuna msimu ambao dalili hizi hupotosha. Januari, karo za shule zikiwa zimekomba kila senti, mtu anayetaka kwa moyo wote anaweza kujibu vilevile, kwa kuona aibu kutaja umaskini. Hapo usikisie. Mpe mlango wa kutokea ambao haumvunjii heshima, kisha uone kama atautumia.

Mimi nilimwandikia: "Sawa mkubwa. Kuna mama wa Rongo anazitaka. Nimwachie zote, au nikuwekee gunia moja hadi Alhamisi?" Mama huyo alikuwapo kweli; ukibuni mnunuzi, siku ukigundulika hutaaminiwa tena. Gunia moja nalo ni dogo vya kutosha kwa mwenye shida ya pesa kulikubali.

Jibu lilifika kabla sijaweka simu chini: "Mwachie tu, usikae na mzigo kwa ajili yangu."

Asubuhi nilizipakia kwenda Rongo.