Santuri Fupi ya Bendi ya Dansi: Jinsi Ilivyotoka Bila Kampuni

Muziki wa dansi wa Tanzania una umbo lake tangu zamani: wimbo huanza taratibu, mwimbaji akalitoa shairi lake lote kwa utulivu, kisha magita yakabadili mwendo na wimbo ukaingia katika chemko, ambapo ukumbi mzima husimama. Umbo hilo hutaka dakika sita, nane, hata tisa, na ndilo lililoitia katika hesabu ngumu bendi moja ya Tanga, yenye watu saba na isiyo na kampuni wala mfadhili, ilipoazimia kutoa santuri yake ya kwanza; kwa maana maduka ya muziki ya mtandaoni yana kanuni zilizotungwa kwa kuzizingatia nyimbo fupi. Nilikuwa karibu nao tangu uteuzi wa nyimbo hadi siku ya kutoka, na haja yangu hapa ni kueleza jinsi walivyoihifadhi tabia ya muziki wao ndani ya kanuni hizo.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya muda. Aghalabu maduka huihesabu kazi kuwa EP, yaani santuri fupi, ikiwa ina nyimbo 4 hadi 6 na jumla yake haikufika dakika 30. Nyimbo zikiwa 3, kila moja chini ya dakika 10, huandikwa kuwa singo, na jumla ikipita dakika 30 huwa albamu. Bendi ilikuwa na nyimbo 7 zilizokwisha rekodiwa. Wimbo mmoja, ulioshangiliwa kuliko yote katika maonyesho yao, ulikuwa wa bendi ya zamani, na maadamu idhini ya warithi wa mtungaji haikupatikana kwa maandishi, uliwekwa kando ingawa kila mtu alisikitika. Wa pili ulitungwa na mpiga gita aliyekwisha ihama bendi, naye hakuwa tayari kutia sahihi. Wa tatu ulipita dakika 9, na kuuingiza kungalivunja jumla. Zikabaki nne: za 8:40, 7:05, 6:10 na 5:25, ambazo pamoja ni dakika 27 na sekunde 20. Palikuwa na rai ya kuyakata machemko ili nyimbo tano zienee, lakini wazee wa bendi walikataa, na kwa nadhari yangu walikuwa na haki, kwani wimbo wa dansi uliokatwa chemko ni utangulizi usio na habari.

Kazi iliyowashughulisha zaidi ilikuwa ile ambayo mafundi wa studio huiita mastaringi, yaani kuikamilisha sauti baada ya vyombo vyote kuchanganywa. Miksi zilipelekwa kwa fundi mwingine, asiye yule aliyezichanganya, ili zisikilizwe na masikio mapya. Zilikuwa faili za WAV za biti 24, kilele cha sauti kikiachwa kama desibeli 6 chini ya kikomo, na kibano cha sauti kilichokuwa kwenye mkondo mkuu kikiwa kimeondolewa, ili fundi apate nafasi ya kufanya kazi. Kazi ya kwanza iliporejea ilikuwa na kishindo kikubwa: mita ilisoma -8 LUFS, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti kama sikio liusikiavyo, na mara ya kwanza wanabendi walifurahi, kwa kuwa sauti iliyo kubwa zaidi hulipendeza sikio kabla halijapambanua lolote.

Njia ya kuupata ukweli ni kuishusha kazi iliyokamilishwa hadi ilingane na miksi kwa ukubwa, kisha kuzisikiliza kwa kupokezana. Walipofanya hivyo, ila ilidhihiri: kofi la tumba, ambalo katika miksi lilisikika likipasua, lilikuwa limekuwa butu, na katika wimbo wa 8:40, ambamo hapo awali chemko lilizidi shairi kwa desibeli 5 hivi, tafauti sasa haikufika hata 1. Kibano kililiinua shairi hadi likasimama sawa na chemko, hata zamu ya magita ilipofika hapakuwa na kilichobadilika. Na hasara hiyo haikuwa na faida yoyote mbele yake, kwa sababu Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo katika -14 LUFS, na kazi ya -8 hushushwa kwa desibeli 6 papo hapo. Msikilizaji hapati ukubwa uliokusudiwa, bali hupata ule ubutu tu.

Fundi aliombwa airudie, naye aliipokea hoja kwa uungwana. Ya pili ilisoma karibu na -13, kilele chake kikiwekwa desibeli 1 chini ya kikomo, kwa kuwa faili inapobanwa na duka ili ipite upesi mtandaoni, vilele huweza kuzuka juu kuliko vilivyokuwa na sauti ikakwaruza. Jaribio la mwisho lilikuwa la spika ya simu, ambayo haiwezi kutoa sauti za chini kabisa: gita la besi lilitoweka. Dawa yake haikuwa katika mastaringi, maana kuongeza besi pale kungaliivimbisha kazi nzima. Ilibidi kurudi katika miksi na kuikoleza besi kidogo kwa sauti zake za juu, karibu na hezi 800, ambazo simu huziweza, kisha kukamilisha upya.

Maduka hayapokei kazi kutoka mkononi mwa bendi, bali kwa wakala. Wako wanaotoza ada ya kila mwaka, kama DistroKid, ambako ada ikikatika kazi yaweza kuondolewa isipokuwa umelipia zaidi ili ibaki. Na wako wanaotoza mara moja kwa kila kazi kisha wakakata fungu la mapato, kama CD Baby. Bendi isiyo na hakika ya fedha za mwakani ilifuata njia ya pili. Kazi iliwasilishwa wiki 5 kabla ya Ijumaa ya kutoka, maana Spotify hutaka wimbo upendekezwe kwao walau siku 7 kabla ili uingie kwa hakika katika orodha za wafuasi wa bendi, na jina la bendi lilipofanana na la kundi jingine la ng'ambo ulipatikana wasaa wa kuzitenga kurasa za makundi hayo mawili.

Likabaki swali la malipo, ambalo ndilo linaloumiza muziki huu. Usikilizaji huhesabiwa mara sekunde 30 zinapotimia, na wimbo wa 8:40 hulipwa sawa na wa dakika mbili. Tena tangu 2024 Spotify hailipi rekodi ambayo haikusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Kwa hiyo wimbo wa 6:10 uliwekwa mwanzo, kwa kuwa mwimbaji wake huingia katika sekunde ya 12. Baadhi walitaka pia kutoa toleo fupi la redio la wimbo mrefu, lakini toleo lililokatwa ni rekodi nyingine, hupewa namba yake ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, na hesabu yake huenda peke yake. Usikilizaji wa mara 1,200 uliogawanyika nusu kwa nusu ungaliyaacha matoleo yote mawili chini ya kiwango. Toleo fupi lilipelekwa redioni tu, kwa mkono, na halikuingizwa dukani.

Karatasi ya mgawanyo ilitiwa sahihi na wote saba kabla faili haijapakiwa: haki ya utungaji kwa watunzi, ikaandikishwa COSOTA, na mapato ya rekodi sehemu saba sawa baada ya kurudishwa gharama za studio, yakiingia katika akaunti ya benki ya bendi inayotaka sahihi za watu wawili.