Nguzo inayosukumwa na upepo huku imebeba paa

Nguzo ya bomba la chuma la mraba, milimita 100 kwa 100, unene milimita 5, ina urefu wa mita 4 na ncha zake zinaweza kuzunguka. Paa linaikandamiza kwa kilonyutoni 120. Upepo unaisukuma ubavuni kwa kilonyutoni 3 kwa kila mita. Je, momenti ya kupinda katikati ni kiasi gani?

Upepo peke yake unatoa jibu la haraka: wL²/8, yaani 6 kNm. Lakini upepo huo umeshaipinda nguzo kwa milimita 17.1 katikati, kwa hiyo mzigo wa paa haupiti tena kwenye mstari wa nguzo. Ukizidishwa kwa umbali huo, unaongeza momenti ya 2.05 kNm. Wengi huishia hapo na kuandika 8.05. Hawajamaliza, kwa sababu momenti hiyo mpya nayo inaipinda nguzo zaidi, na kila nyongeza inazaa nyingine ndogo kuliko iliyotangulia.

Mfululizo huo unafika kikomo, na kinachoamua kikomo chenyewe ni mzigo wa Euler, ule unaoifanya nguzo iliyonyooka ishindwe kubaki wima:

```
Pe = π²EI/L² = 361 kN
P/Pe = 120/361 = 0.332
δ = 17.1/(1 − 0.332) = 25.6 mm
M = 6 + 120 × 0.0256 = 9.07 kNm
```

Hesabu kamili ya mlinganyo tofautishi nayo inatoa 9.07. Momenti imepanda kwa asilimia 51.

Tazama sasa mkazo wa chuma. Kwa momenti ya 6, mgandamizo wa paa ukijumlishwa, ukingo wa bomba unabeba megapaskali 172. Kwa 9.07 unabeba 226, na chuma cha S235 huanza kulegea kwenye 235. Nafasi iliyoonekana kubwa imebaki finyu. Mzigo wa paa ukiongezeka maradufu, momenti inafika takriban 18 kNm, mara mbili ya ile ya awali, ingawa upepo haujabadilika. Ndiyo maana huwezi kukokotoa athari ya kila mzigo peke yake kisha ukajumlisha.

Programu ya kompyuta nayo ijaribiwe. Endesha hesabu kwa upepo peke yake, kisha ongeza mzigo wa paa na uiendeshe tena. Momenti ya katikati ikibaki 6 kNm pale pale, programu haihesabu athari ya mpindo.

Hesabu hii inachukulia kwamba nguzo ilisimikwa ikiwa imenyooka kabisa. Ikiwa ilikuwa na mpindo wa milimita 10 kuelekea upande uleule, ongeza 120 × 0.010/0.668, yaani 1.8 kNm. Jumla inakuwa 10.9, mkazo unafika megapaskali 259, na nguzo iliyoonekana salama imevuka kikomo cha chuma chake.