Huruma kwa Shailoki katika Mdahalo wa Darasani

Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotolewa mwaka 1969, ni tamthilia inayoufaa mdahalo kuliko nyingi, kwa kuwa mwovu wake hujitetea mwenyewe, na hujitetea vizuri. Chukua darasa la sekondari huko Kiseke, katika vilima vya Mwanza, limepewa mada isemayo: Shailoki anastahili kuhurumiwa. Msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono amepewa dakika tano. Akiisha kumwamkia Mwenyekiti, Katibu na mtunza saa, zimembakia kama nne na nusu. Swali la mhakiki ni hili: katika tamthilia nzima, ni mahali gani hasa pa kusimama kwa muda mfupi namna hiyo?

Kisa chajulikana. Antonio, tajiri wa merikebu, anataka kumsaidia rafiki yake Basanio, naye hana fedha mkononi. Anakopa dukati 3,000 kwa Shailoki, Myahudi mkopeshaji, kwa muda wa miezi mitatu. Riba haitozwi, lakini deni lisipolipwa, mkopeshaji atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa mdaiwa. Habari zinafika kwamba merikebu zimepotea, siku inapita, na Shailoki anakwenda mahakamani na kisu na mizani.

Karibu kila mtetezi hukimbilia maneno ya tendo la tatu, pale Shailoki anapouliza kama Myahudi hana macho na mikono kama watu wengine, na kama akichomwa hatoki damu. Ni maneno mazito, na mwanafunzi huyapenda kwa sababu yanakaririka. Lakini ni mtego. Hayaishi katika udugu wa binadamu. Yanaishia katika kisasi. Shailoki anahesabu mambo yanayomfananisha na Wakristo ili afike kwenye la mwisho, kwamba kama wao wakikosewa hulipiza, naye atalipiza, tena kwa kuwazidi walimu wake. Mtetezi akiyasoma nusu, mpinzani atasimama na kuisoma nusu iliyobaki, na hotuba itakuwa imekwisha kabla ya kengele. Anayetaka kuyatumia hana budi kuyasoma yote mwenyewe, na kuonyesha kwamba hata kisasi kile kina mwalimu: Antonio alimtemea mate sokoni, akampiga teke, akamwita mbwa, na siku ya kuomba fedha hakusema amejuta, bali alisema huenda akayafanya tena.

Mahali palipo bora ni padogo, na wengi hupapita bila kupaona. Katika onyesho lilo hilo Tubali anamletea Shailoki habari za binti yake Jesika, aliyetoroka na mchumba Mkristo pamoja na fedha na vito vya babaye. Miongoni mwa vito hivyo ilikuwapo pete, naye ameibadili kwa kima. Shailoki, ambaye mpaka hapo amekuwa akizililia dukati na binti kwa pumzi moja, anaacha hesabu. Pete ile alipewa na Lea, zamani za ujana wake kabla hajaoa, naye asingeitoa hata kwa msitu mzima wa kima. Lea hatajwi tena mahali pengine popote. Kwa maneno yale machache msomaji anaambiwa kwamba mtu huyu alipendwa, na kwamba kipo kitu kimoja asichokitia bei. Sasa na itazamwe hatima ya pete nyingine. Basanio na Grashiano wamewaapia wake zao kwamba hawatazivua. Baada ya hukumu wanazitoa kama ujira kwa mwanasheria na karani wake, wasijue kwamba hao ndio wake zao waliojigeuza. Tamthilia inalifanya jambo hilo kuwa mzaha na kulisamehe. Basi katika mji wote ule wa wapendanao, aliyeithamini pete ni mkopeshaji peke yake. Hoja hii mpinzani hawezi kuibatilisha kwa kusoma mstari unaofuata.

Mahali pa pili ni mahakamani. Shailoki anapohimizwa awe na huruma, anawakumbusha waheshimiwa wa Venisi kuwa wanao watumwa waliowanunua, na kuwa wanawatumikisha kama wanyama. Je, akiwaambia wawaache huru na kuwaoza watoto wao, hawatamjibu kwamba watumwa ni mali yao? Vivyo hivyo, asema, nyama hii ni mali yake, ameinunua ghali. Hakuna anayemjibu. Mtawala anageukia habari ya kumngojea mwanasheria. Kwa msomaji wa Kiseke ukimya huo una uzito wa pekee: Kageye, kando ya Ziwa, si mbali sana na hapo, palikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa Stanley alipofika mwaka 1875. Lakini na iangaliwe hoja inathibitisha nini. Haithibitishi kwamba Shailoki ni mwema, wala kwamba anawaonea watumwa uchungu. Inathibitisha kwamba wanaomhukumu wanakula katika sahani ileile ya sheria ya mali juu ya mwili wa mtu.

Haifai mtetezi afiche kisu. Shailoki anakinoa katika soli ya kiatu mbele ya watu. Anapoahidiwa mara tatu ya deni anakataa. Porshia, aliyevaa mavazi ya mwanasheria, anamtaka amweke mganga karibu ili Antonio asife kwa kutoka damu. Naye anauliza kama jambo hilo limeandikwa katika mkataba. Hapo ndipo huruma ya mtazamaji inapokauka, na haki yake kukauka. Tena kuna ushahidi ambao watetezi husahau: mapema, kabla ya kusikia habari ya kupotea kwa merikebu hata moja, anasema kando kwamba anamchukia Antonio kwa kuwa ni Mkristo, na zaidi kwa kuwa anakopesha bure na kushusha kiwango cha riba. Jesika naye anasimulia kwamba alipokuwa angali nyumbani alimsikia babaye akiapa kwamba angependa nyama ya Antonio kuliko mara ishirini ya deni. Basi ile hoja nyepesi, kwamba kupotelewa na binti ndiko kulikomtia wazimu, haisimami. Nia ilikuwapo kabla ya msiba. Mtetezi aweza kusema kwamba shahidi huyu ameiba sanduku la mkopeshaji na ana sababu ya kumsema vibaya. Ni kweli, lakini jibu hilo lina harufu ya uwakili.

Kilichobaki, na ndicho kikubwa, ni hukumu. Hakimu si hakimu. Porshia ni mke wa Basanio, ambaye kwa ajili yake deni lilikopwa. Anamwacha Shailoki afike ukingoni, ndipo amwambie kwamba akate nyama bila damu. Mpaka hapo ni werevu, na uhai wa mtu umeokolewa. Lakini mambo hayakomi hapo. Shailoki anapotaka kuondoka bila hata mtaji wake, sheria ya pili inatolewa, ya mgeni aliyekusudia kumwua mwenyeji. Nusu ya mali inawekwa mikononi mwa Antonio kwa faida ya mkwe aliyemtorosha binti. Yote atakayoacha akifa ni ya hao wawili. Naye mwenyewe lazima abatizwe. Watazamaji wa London wa miaka ya 1590 huenda waliuona ubatizo huo kuwa neema. Uingereza ilikuwa imewafukuza Wayahudi mwaka 1290, na wengi wao hawakuwa wamemwona Myahudi akiishi waziwazi kwa dini yake. Msomaji wa leo hawezi kuuona hivyo. Shailoki anasema hajisikii vizuri, anaomba aende zake, na haonekani tena. Tendo la tano ni mbalamwezi na muziki.

Hapa neno la mada lenyewe linahitaji kupimwa. Anastahili, yasema mada. Lakini Porshia alikuwa amehubiri kwamba huruma hailazimishwi, hushuka kama mvua. Kinachostahiliwa ni haki. Huruma hupewa asiyestahili, la sivyo si huruma. Mtetezi akiliona hili ameshinda nusu ya mdahalo, maana hana haja tena ya kumtakasa mtu wake. Anaweza kukubali kila kosa.

Kuna jambo moja la mahali. Neno bepari liliingia Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nalo lilimaanisha mfanyabiashara tu, kabla siasa hazijalipa ukali. Na tafsiri ilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967. Kando ya Ziwa, ambako wakulima wa pamba walilalamikia mizani ya wanunuzi hata wakajenga vyama vyao vya ushirika, vilivyoungana mwaka 1955, ni rahisi mwanafunzi kumvika Shailoki sura ya mwenye duka wa jamii fulani na kuyamaliza mambo. Hilo ni kosa la usomaji, tena la hatari, kwa kuwa ndilo kosa la Venisi. Kichwa cha Nyerere kinalizuia: cha Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, cha Kiswahili kinasema mabepari, wote pamoja.

Hotuba inayoweza kusimama basi yaweza kuwa hivi:

“Bwana Mwenyekiti, Katibu, mtunza saa, na wasemaji wenzangu. Upande wetu haukatai kisu. Tumekiona kikinolewa. Tunakubali kwamba Shailoki alitaka kuua, na kwamba alitaka hivyo kabla binti yake hajatoroka. Aliyezuia mkono wake alifanya vema. Lakini mada haiulizi kama alistahili kushindwa. Inauliza kama anastahili kuhurumiwa. Tazameni pete ya Lea, mkaitazame na pete ya Basanio, mniambie ni nani aliyejua kupenda. Tazameni watumwa wa Venisi, ambao hakuna aliyethubutu kuwajibia. Kisha mtazameni akitoka mahakamani. Ameacha kisu, ameacha deni, hana silaha tena. Na hapo ndipo wanapomnyang’anya jina la Mungu wake. Alipokuwa na nguvu aliombwa huruma, akainyima, tunamlaumu. Wao walipokuwa na nguvu waliihubiri kwanza, kisha wakafanya waliyofanya. Mpinzani wetu atasema walimwachia uhai. Na aseme pia ni uhai wa nani, maana aliyetoka mlangoni hakuruhusiwa kuwa Shailoki.”

Ni kama dakika moja na nusu kwa msomaji asiyekimbia, na muda uliobaki ni wa kusoma kifungu cha pete kwa sauti. Mpinzani hodari hatajibu kwa kisu, maana kimekwisha kukubaliwa. Atamgeukia Antonio, aliyekuwa amefungua kifua chake akingoja kukatwa, na kuuliza kwa nini hotuba nzima ya huruma haikumtaja hata mara moja.