Kumpima Fundi kwa Mlango Uliogandia Bawaba

Mlango wa zamani unapotakiwa kutolewa kwenye fremu, wengi humsifu fundi aliyeutoa upesi. Kipimo hicho hakifai. Ubora wa kazi hii huonekana katika yale yanayofanywa kabla ya nyundo kuinuliwa, kwa kuwa pini ya bawaba imeshikwa na vitu viwili vyenye dawa tofauti: rangi hukatwa, kutu hulowekwa. Anayeanza kwa kugonga hupambana na vyote viwili kwa mpigo, na mara nyingi kinachoshindwa ni mbao.

Chukua mlango wa mukau, mti wa nchi kavu ambao Kitui na Makueni wanaupenda kwa milango kwa sababu mchwa hawauwezi kirahisi. Umeshikwa na bawaba tatu za inchi nne, na kila uliporudiwa rangi ya mafuta, bawaba nazo zilipakwa. Mara nyingi bawaba ya chini ndiyo iliyoharibika zaidi, maana ndiyo inayorushiwa maji sakafu inapooshwa, na maji ya visima vingi vya huko yana chumvi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hujibana kati ya pini na vifundo vya bawaba kama kabari. Juu yake rangi imeziba kila mwanya. Mafuta ukiyamimina hapo hayaingii. Yanateleza juu ya rangi na kuishia kuchafua fremu. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huanza na kisu chembamba: hukata rangi kuzunguka kichwa cha pini, katika kila mwanya kati ya vifundo, na kwenye ukingo ambapo bamba limekutana na mbao. Akiuruka ukingo huo, rangi itabanduka kwa vipande vipana siku bamba litakapotolewa.

Baada ya kukata hutia mafuta ya kulegeza kutu, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini, kisha huyaacha hadi kesho yake. Dalili ya kuwa yamepenya ni uzi wa maji ya kahawia unaotokea kwenye mwanya wa chini. Usipoonekana, hukata tena na kutia tena. Wakati huohuo hukagua ncha zote mbili za pini. Kama zote zimefuliwa na kubanwa, pini hiyo haikutengenezwa itoke, na kuigonga ni kuharibu bure. Njia iliyobaki ni skrubu. Nazo husafishwa mfereji kwa ncha ya msumari, bisibisi hugongwa kidogo ili ikae vizuri, kisha skrubu hukazwa kidogo kabla ya kulegezwa, ili gamba la rangi na kutu livunjike.

Pini inayotoka huondolewa mlango ukiwa umefungwa, na kabari zikiwa chini yake hadi uzito uondoke kwenye bawaba. Wengi hupuuza hatua hii, wakati mlango unaoning'inia huibana pini kwa upande, na hakuna mafuta yatakayoondoa mbano huo. Pini huzungushwa kwanza kwa koleo ikiwa kichwa kinashikika, kisha hugongwa kutoka chini kwa msumari butu, mapigo mepesi mengi. Ya chini hutangulia, ya juu huwa ya mwisho, ili mlango usielemee mtu.

Wapo watakaosema bawaba ni bei rahisi: kata kwa mashine ya kusagia, nunua nyingine. Hoja ina nguvu pale ambapo pini imefungwa ncha zote na skrubu zimeoza. Hapo kukata ni halali, ingawa msumeno wa chuma hauna cheche za kuunguza mbao kavu. Lakini bawaba mpya mara nyingi haina matundu mahali pa yale ya zamani. Tundu jipya likikaa karibu mno na la zamani, skrubu haishiki, na mlango huanza kushuka. Lazima matundu ya zamani yazibwe kwa vijiti vya mbao na gundi, na kazi hiyo inakula muda ule uliodhaniwa umeokolewa. Wengine huchoma rangi kwa moto ili ilegee. Hilo nalikataa kabisa: rangi za zamani huenda zina risasi, na moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto.

Kazi ikiisha, viringisha pini juu ya kioo. Ikiyumba, imepindwa kwa nyundo. Tazama kama vifundo vimepanuka na kama mstari wa rangi kwenye fremu ni mnyoofu. Mlango ukirudishwa, uache nusu wazi: kama fremu imesimama wima, nao ukabaki palepale bila kulia, mlipe fundi huyo hata kama amechukua siku mbili.